Sentensi fupi za Kiingereza: njia nne za kuziunganisha, na mahali kila moja inapojifunga fundo

Sehemu ya kazi yangu ni kupitia ripoti za Kiingereza kabla hazijatumwa kwa wafadhili. Juzi muuguzi wa zahanati moja aliniletea taarifa ya tukio la usiku, umeme ulipokatika na chanjo zikawa hatarini. Ilikuwa hivi:

> The power went off at 9 p.m. The generator did not start. The night guard called me. He keeps the generator key. I arrived at 11 p.m. The fridge had reached 12 degrees. I moved the vaccines to a cold box.

Hakuna kosa la sarufi humo. Kila sentensi ina kiima chake, kitenzi chake na nukta yake. Tatizo ni kwamba ukiisoma kwa sauti inagonga kama mtu aliyevaa mitalawanda kwenye sakafu ya saruji. Msomaji anapewa mambo saba yenye uzito mmoja, kisha anaachwa apange mwenyewe lipi lilisababisha lipi. Na kiini cha habari, kwamba jokofu linalotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 lilifika 12, kimejibanza katikati kama jambo la kawaida.

Nilimwomba aziunganishe. Akarudi na hii:

> Arriving at 11 p.m. because the night guard called me who keeps the generator key which did not start when the power went off at 9 p.m., the fridge had reached 12 degrees and I moved the vaccines to a cold box which I had it in the store.

Kwa Kiingereza hicho, kilichogoma kuwaka ni ufunguo, na aliyewasili saa tano usiku ni jokofu. Tulicheka sana, halafu tukakaa chini tukaanza upya, njia moja baada ya nyingine. Ulinganisho huu umetokana na kikao kile.

## Tupime kwa nini

Njia nne ndizo zinazobeba karibu kazi yote: viunganishi vya usawa kama "and" na "so", vishazi tegemezi vya "because" na "when", virejeshi vya "who" na "which", na vitenzi vya "-ing". Kila moja nitaiuliza maswali matatu yaleyale. Inaonyesha uhusiano gani kati ya mambo mawili? Inaweka uzito upande gani? Na inajifunga fundo wapi, hasa kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili?

Swali la tatu ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu mafundo yetu yana chanzo kimoja. Tazama sentensi hii:

> I met the nurse running to the clinic.

Nani alikuwa anakimbia? Kiswahili hakikuruhusu kuuliza. Utasema "nilikutana na muuguzi nikikimbia" au "nilikutana na muuguzi akikimbia", na kiambishi kimoja kinamaliza ubishi. Vitenzi vyetu hutembea na vitambulisho shingoni: ni-, a-, ki-, li-, zi-. Unaweza kukisogeza kitenzi mbali na mwenyewe na bado msomaji akajua ni cha nani. Katika Kiingereza "running" haina kitambulisho, na "which" haijui ngeli. Kinachoonyesha umiliki ni mahali neno lilipokaa, basi. Jirani yake ndiye mwenyewe. Ukiunganisha sentensi za Kiingereza kwa uhuru uliouzoea katika Kiswahili, maneno hushikana na majirani wasio wao.

## Njia ya kwanza: "and", "but", "so"

Uhusiano. Hapa sentensi mbili huru zinashikana mikono na kila moja inabaki huru. "And" inaongeza, "but" inapinga, "so" inaleta tokeo.

> The power went off at 9 p.m. and the generator did not start, so the night guard called me.

Sentensi tatu zimekuwa moja na hakuna kilichopindishwa. Mambo yanafuatana kama yalivyotokea.

Uzito. Ni sawa kwa sawa. Hilo ni jema pale mambo yanapolingana kweli, na ni baya pale moja linapopaswa kuwa bwana na jingine mtumishi. "The fridge had reached 12 degrees and I moved the vaccines" haimwambii msomaji kwamba nyuzi 12 ndizo zilizofanya chanjo zihamishwe. Anaweza kukisia, lakini ripoti haiandikwi ili ikisiwe.

Fundo. Kwa kweli njia hii haijifungi fundo. Inarefuka tu kama kamba. Sisi tuna -ka-: umeme ukakatika, jenereta ikagoma, mlinzi akanipigia, nikaja, nikakuta. Masikioni ni tamu, ndiyo lugha ya hadithi. Ukiihamisha kila -ka- kuwa "and", Kiingereza chako kinasikika kama cha mtoto. Mtafiti Kellogg Hunt, katika utafiti wake wa 1965 uliolinganisha maandishi ya wanafunzi wa Marekani wa darasa la 4, la 8 na la 12, aliliona jambo hilohilo kwa watoto waliozaliwa na Kiingereza: wadogo walifululiza sentensi kwa "and", na kadiri walivyokua walizidi kuingiza wazo moja ndani ya jingine. Kwa hiyo "and" mbili katika sentensi moja zinatosha. Ya tatu ikija, weka nukta.

Tatizo la pili ni mkato. Kwetu "umeme ulikatika, jenereta haikuwaka, mlinzi akanipigia" ni sentensi safi. Kiingereza rasmi hakiruhusu mkato peke yake ushikilie sentensi mbili huru. "The power went off, the generator did not start" ni kosa. Panahitajika "and" baada ya mkato huo, au nukta. "However" nayo huwaponza wengi, kwa kuwa inafanana na "but" kwa maana lakini haina nguvu ya kuunganisha. "I called him, however nobody answered" ni kosa lilelile limevaa koti. Andika "I called him, but nobody answered", au weka nukta kabla ya "However".

Inamfaa nani. Anayesimulia hatua zilizofuatana, na yeyote ambaye Kiingereza chake bado kinayumba. Ukishindwa na njia nyingine zote, hii haitakuaibisha.

## Njia ya pili: "because", "when", "although"

Uhusiano. Hapa unautaja waziwazi. "Because" ni sababu, "when" ni wakati, "although" ni kinyume na matarajio, "if" ni sharti. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayosema uhusiano kwa uwazi kiasi hiki, ndiyo maana ripoti, barua rasmi na hoja za kitaaluma haziwezi kuishi bila hiyo.

> I moved the vaccines to a cold box because the fridge had reached 12 degrees.

Uzito. Kishazi tegemezi ni mtumishi, kishazi huru ni bwana. Ukibadilisha nani ni nani, umebadilisha ripoti nzima hata kama ukweli ni uleule. Linganisha:

> Although the generator did not start, the vaccines were saved.

> Although the vaccines were saved, the generator did not start.

Ya kwanza ni habari njema, mkuu wa wilaya ataisoma na kupumua. Ya pili ni malalamiko kuhusu jenereta, na anayeisoma atauliza fundi yuko wapi. Kabla ya kuchagua wapi pa kuweka "although", amua unataka msomaji abaki na nini mkononi, kisha lipe jambo hilo kishazi huru, na ikiwezekana liweke mwisho wa sentensi. Kilichokuja mwisho ndicho kinachobaki na mwangwi.

Fundo. Kubwa kuliko yote ni "although... but". Kiswahili kinakubali "ingawa jenereta haikuwaka, lakini chanjo zilipona", na wengi wetu tunasema hivyo kila siku. Kiingereza kinataka kimoja tu. Chagua "although" mwanzoni au "but" katikati. Vivyo hivyo kwa "because... so": "Because the generator did not start, so I moved the vaccines" ina kiunganishi cha ziada.

La pili ni kuweka nukta mapema. "Because the fridge had reached 12 degrees." Hii imesimama peke yake kama mlango usio na nyumba. Kuna walimu waliowakataza wanafunzi wasianze sentensi na "because" kwa sababu hii, na katazo likakua likawa sheria. Sheria hiyo haipo. Unaweza kuanza na "because" ilimradi kishazi huru kifuate, na utenganishe kwa mkato: "Because the fridge had reached 12 degrees, I moved the vaccines." Kishazi tegemezi cha sababu au wakati kikija nyuma, kwa kawaida mkato hauhitajiki.

La tatu ni maneno yenye sura mbili. "As the fridge was getting warm, I moved the vaccines." Hiyo "as" ni "wakati" au ni "kwa kuwa"? "Since" nayo ina ugonjwa huo, na "while" huyumba kati ya "wakati" na "ilhali". Unapounganisha ili kuleta uwazi, kuchagua neno lenye maana mbili ni kujifunga goli. Sema "because" ukimaanisha sababu, "when" ukimaanisha wakati. Hakuna atakayekucheka kwa unyenyekevu wa maneno hayo.

Mwisho, usiweke tegemezi juu ya tegemezi. "Because the generator did not start when the power went off because there was no diesel, I..." Msomaji anabeba mizigo mitatu kabla hajafika mlangoni. Kishazi tegemezi kimoja kwa kila kishazi huru ni kipimo kizuri. Ukihitaji viwili, kimoja kitangulie na kingine kifuate.

Inamfaa nani. Anayeeleza sababu, anayetetea uamuzi, anayeomba kitu na lazima aseme kwa nini.

## Njia ya tatu: "who", "which", "that"

Uhusiano. Kirejeshi hakisemi sababu wala wakati. Kazi yake ni kutambulisha, kusema huyu ni nani, hiki ni kipi. Ile sentensi ya "He keeps the generator key" haikuwa na sababu ya kusimama peke yake, kwani ni maelezo ya mlinzi tu:

> The night guard, who keeps the generator key, called me.

Uzito. Yanayosemwa na kirejeshi yanashuka na kuwa ya pembeni. Ndiyo maana haifai kuficha jambo zito humo. "The fridge, which had reached 12 degrees, is in the store" ni sentensi safi, lakini imezika maiti na kuonyesha jirani kaburi la paka. Habari kubwa imewekwa mahali pa maelezo madogo.

Mikato miwili inayozunguka kirejeshi nayo si mapambo. "The guard, who keeps the key, called me" ina mlinzi mmoja, na suala la ufunguo ni nyongeza. "The guard who keeps the key called me" inadokeza kuna walinzi zaidi ya mmoja na unamtofautisha mwenye ufunguo. Muuguzi wetu ana mlinzi mmoja tu wa usiku, kwa hiyo anahitaji mikato. Na penye mikato hiyo tumia "who" au "which", usitumie "that".

Fundo. Hapa ndipo ngeli zinapotuponza. Soma hii:

> I found the key to the store which was broken.

Mwandishi wa Kiswahili angesema "ufunguo wa ghala ambao ulivunjika" au "ufunguo wa ghala ambalo lilivunjwa", na msomaji angejua papo hapo kama tuna ufunguo mbovu au wizi. "Which" haina "ambao" wala "ambalo". Inashika nomino iliyo karibu yake, kwa hiyo hapa msomaji ataelewa kwamba ghala limevunjwa. Kama ulimaanisha ufunguo, sogeza: "I found the store key, which was broken." Sasa jirani wa "which" ni "key", na mzozo umekwisha. Hilo ndilo kosa lililofanya ufunguo wa zahanati ugome kuwaka: "the generator key which did not start".

Fundo jingine tunalileta nyumbani kwetu bila kujua. Tunasema "kisanduku nilichokiweka" au "kisanduku ambacho niliweka chanjo ndani yake", na kile -ki- au "yake" kinarudi kumgusa mwenyewe. Kiingereza hakirudii. "A cold box which I had it in the store" ina "it" ya ziada. Kirejeshi tayari kimeshika nafasi hiyo: "a cold box which I had in the store". Ukimaliza kuandika kirejeshi, chungulia ndani yake kama kuna "it", "him" au "them" inayorudia kitu kilekile, uifute.

Kisha kuna "which" inayojaribu kubeba sentensi nzima. "The guard looked for the key before calling me, which took two hours." Kilichochukua saa mbili ni kutafuta ufunguo au kupiga simu? Hapa Kiswahili kinatupa dawa ambayo Waingereza wengi wenyewe hawaitumii vya kutosha. Sisi husema "jambo ambalo", "hali ambayo", "ucheleweshaji ambao". Tunaweka nomino mpya ya kuukusanya ule mkasa, kisha kirejeshi kinaishika. Fanya hivyohivyo:

> The guard looked for the key before calling me, a search that took two hours.

Nomino "search" imemaliza shaka. Ningekuwa nafundisha jambo moja tu katika njia hii, ningefundisha hilo.

Kitu cha mwisho ni kupachika katikati. "The guard who the nurse who was on leave had trained called me." Sarufi haijavunjwa, lakini tazama mwisho: "had trained called". Vitenzi viwili vimegongana na kila kimoja kina bwana wake aliyebaki nyuma. Ukiona vitenzi vimepangana hivyo bila chochote katikati, ujue umepachika mno. Vunja: "The guard called me. He had been trained by a nurse who was on leave."

Mara nyingine hata "who" haihitajiki, nomino peke yake inatosha kati ya mikato miwili: "The night guard, a former electrician, called me." Ni fupi, na haina nafasi ya kukosea sana.

Inamfaa nani. Anayewatambulisha watu, vifaa na mahali ambavyo msomaji havijui, na anayetaka kupunguza zile sentensi ndogo za "He is..." na "It has...".

## Njia ya nne: "-ing"

Uhusiano. "-ing" inaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja au yanayofuatana papo kwa papo, kama -ki- yetu ya "aliingia akicheka". Haisemi kama ni sababu, wakati au tokeo. Inaviacha vikae pamoja tu.

> Hearing no sound from the generator, the night guard called me.

Nadhani unaona mvuto wake. Sentensi imepata mwendo, haina kiunganishi, na inasikika ya mtu aliyezoea kuandika. Ndiyo maana watu huikimbilia wakiambiwa Kiingereza chao ni cha kukatakata.

Uzito. Kilicho ndani ya "-ing" ni mandhari, na kilicho nje ni tukio. Tukio lako kuu lisiwe humo.

Fundo. Rudi kwenye "Arriving at 11 p.m., the fridge had reached 12 degrees." Muuguzi alikuwa na "nilipofika" kichwani, na ile ni- ikadondoka njiani wakati wa kuvuka lugha. Katika "nilipofika, jokofu lilikuwa limefika nyuzi 12" hakuna anayedhani jokofu lilifika zahanati, kwani ni- na li- zimegawana kazi. "Arriving" ikibaki yatima, Kiingereza humpa kiima kinachofuata mara baada ya mkato. Kanuni ni kwamba kiima kinachofuata mkato lazima kiwe ndicho kilichofanya "-ing". Kuna matengenezo mawili:

> Arriving at 11 p.m., I found that the fridge had reached 12 degrees.

> When I arrived at 11 p.m., the fridge had reached 12 degrees.

La kwanza linabadilisha kiima, la pili linarudisha "I" iliyodondoka. Mimi napenda la pili katika ripoti, kwa sababu "I found that" inaongeza maneno bila kuongeza habari.

Wakati nao una mipaka. "Moving the vaccines to a cold box, I wrote the report the next morning" haiwezekani, maana huwezi kuhamisha chanjo usiku wa jana huku ukiandika asubuhi. Kama moja liliisha kabla ya jingine kuanza, "having moved" inasaidia, ila mara nyingi "after I moved" ni nyepesi zaidi. Na "-ing" ikikaa mwisho, mkato ndio unaoamua mwenyewe ni nani. "I saw the guard running" humpa mlinzi mbio. "I left the house, running" hunipa mimi.

Inamfaa nani. Mwandishi wa masimulizi, makala au barua ya kujieleza, mwenye subira ya kukagua kila kiima. Kwa ripoti ya dharura au maelekezo ya kazi faida yake ni ndogo, na kosa lake humfanya msomaji acheke mahali asipotakiwa kucheka.

## Jaribio la viambishi

Zaidi ya kusoma kwa sauti, nina jaribio moja ambalo mzaliwa wa Kiingereza hana. Chukua sentensi uliyoiunganisha, uirudishe kwa Kiswahili neno kwa neno, ukisoma kile kilichoandikwa na si ulichokusudia. Kila ukifika kwenye kitenzi, itakubidi uchague kiambishi. Ukisita kati ya a- na ki-, au kati ya "ambao" na "ambalo", msomaji wako naye atasita palepale. Sehemu hiyo ndiyo ya kuvunja au kusogeza.

Nilimpa muuguzi jaribio hilo kwa toleo lake la pili. Kwenye "Arriving" alisita mara moja. Kwenye "who keeps" alisita tena, kwa kuwa "who" ilikaa baada ya "me" na kusomeka kama yeye mwenyewe ndiye mtunza ufunguo. Kwenye "which did not start" hakusita. Alisema "ambao haukuwaka" kwa sauti, akajishika kichwa.

Toleo la tatu likawa hili:

> The power went off at 9 p.m. and the generator did not start, so the night guard, who keeps the generator key, called me. When I arrived at 11 p.m., the fridge had reached 12 degrees. I moved the vaccines to a cold box.

Sentensi saba zimekuwa tatu. Ya kwanza imetumia "and" na "so" kwa mambo yaliyofuatana, na kirejeshi kimoja kilichogusana na mwenyewe. Ya pili imetumia "when", na nyuzi 12 zimepata nafasi ya mwisho. Ya tatu tuliiacha fupi makusudi. Baada ya sentensi ndefu, fupi husikika kama mlango uliofungwa vizuri, na hatua aliyoichukua inaonekana. "-ing" haimo kabisa, na hakuna aliyeikosa.

## Uchague ipi

Ukiandika ripoti ya tukio, daftari la zamu au barua pepe kwa mkuu, tegemea "so", "because" na "when", na utumie kirejeshi kimoja tu unapomtambulisha mtu. Sentensi yenye vishazi vitatu na kirejeshi hicho ni mwisho.

Kwa barua ya kuomba nafasi ya masomo au kazi, tatizo huwa ni msururu wa "I": I studied, I worked, I led. Hapo "-ing" na "having" zinapunguza msururu huo vizuri, na kiima kinachofuata mkato ni "I" ileile, kwa hiyo hatari ni ndogo. Tumia mara moja kwa aya, ukichanganya na "although" pale unapoeleza kikwazo ulichokivuka.

Insha ya hoja, ya darasani au ya chuo, inahitaji vishazi tegemezi kuliko kingine chochote, kwa sababu anayesahihisha anatafuta kama umeonyesha sababu na pingamizi. Hapo ndipo "although" bila "but" inapokupa alama.

Maelekezo ya kazi, kama hatua za kuwasha jenereta, yaache mafupi. "Check the diesel. Open the valve. Turn the key." Mtu aliyeshika tochi gizani hataki kishazi tegemezi.

Na kama unasahihisha kazi ya mwingine, anza na "which" zote. Zipigie mstari, uangalie kila moja imegusana na nani. Kwa ripoti ninazozipitia mimi, mafundo mengi huwa yamejificha hapo.